Karatasi mbili za sikio moja: timpanometria na mwangwi wa koklea

Hotuba hii niliitoa mjini Tanga, Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, mbele ya wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi. Nimeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wauguzi wenzangu, akina mama na akina baba mliokuja na watoto mgongoni, habari za asubuhi.

Kuna wazazi wanaofika kwangu wakilia. Wameshika kikaratasi kilichotoka kwenye mashine siku mtoto alipozaliwa, kimeandikwa REFER, na mtaani wameshaambiwa mtoto ni kiziwi. Wako wengine wanaokuja wametulia kabisa. Kikaratasi chao kimeandikwa PASS, ila mtoto ametimiza miaka miwili na hajatamka hata neno moja. Wa kwanza wamehukumiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Wa pili wamepewa amani ambayo mashine haikuwa na uwezo wa kuitoa. Je, mashine imedanganya? Hapana. Mashine ilijibu swali dogo, sisi tukalisoma kama jibu la swali kubwa.

Kwa hiyo leo nataka tuelewane jambo moja: kila kipimo kinauliza sehemu gani ya sikio?

Sauti huingia kwenye tundu la sikio na kuigonga ngoma. Ngoma hutikisa vifupa vitatu vilivyo kwenye chumba kidogo chenye hewa, ndilo sikio la kati. Vifupa hupeleka mtikisiko kwenye koklea, ile sehemu iliyojipinda ndani kabisa, yenye maji na seli zenye vinywele. Hapo ndipo mtikisiko unapogeuzwa kuwa ujumbe wa umeme, neva ikaupeleka kwenye ubongo. Timpanometria inaiuliza ngoma pamoja na chumba kilicho nyuma yake. Kipimo cha mwangwi wa koklea, kile ambacho mashine hukiandika OAE, kinaiuliza koklea. Neva hakuna anayeiuliza. Ubongo hakuna anayeuuliza. Tafadhali mlishike hilo, tutalirudia.

Tuanze na timpanometria.

Kabla ya yote unachungulia ndani ya sikio kwa otoskopu. Kama nta imeziba tundu zima, au usaha unatoka, au mtu amefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, unasimama hapo kwanza. Sikio likiwa wazi, unachukua kidude chenye ncha ya mpira laini inayolingana na tundu la mtu huyo, unakiingiza mlangoni mwa sikio mpaka hewa isivuje. Ndani ya kidude hicho mna vitu vitatu: spika ndogo inayotoa mlio mmoja mfululizo, maikrofoni inayosikiliza mlio huo umebaki kiasi gani tunduni, na pampu ya hewa. Pampu inaongeza shinikizo mpaka dekapaskali 200 juu ya hewa ya kawaida, kisha inalishusha polepole hadi 200 chini yake, na mashine nyingine hufika 400 chini. Kwa mtu mzima inachukua sekunde chache tu kila sikio. Atahisi sikio limejaa kidogo, halafu basi. Tunamwomba asiongee, asitafune, asimeze mate.

Tunapima nini hapo? Tunapima jinsi ngoma na vifupa vinavyokubali kutikiswa. Ukiisukuma ngoma kwa hewa inakakamaa, sauti nyingi inarudi tunduni na maikrofoni inaisikia. Shinikizo la nje likilingana na la ndani, ngoma inalegea na kuipokea sauti. Mashine inachora mstari, na pale ngoma ilipolegea kuliko kwingine panatokea kilima. Kilima kikisimama karibu na sifuri tunaita aina A, maana yake chumba cha nyuma kina hewa ya kutosha. Kilima kikihamia mbali upande wa hasi tunaita aina C, maana yake mrija unaoingiza hewa kutoka nyuma ya pua haufanyi kazi vizuri. Kilima kisipoonekana, mstari ukawa bapa, tunaita aina B.

Na hapa ndipo wengi wanapoishia. Wanaona B wanaandika «majimaji». Ndugu zangu, msiandike majimaji kabla hamjasoma tarakimu iliyo pembeni ya mchoro!

Nitawasimulia watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka mitano. Mwalimu wake alisema ni mtukutu, akiitwa haitiki. Sikio la kulia lilitoa mstari bapa, na ile tarakimu ya ujazo wa tundu ikasema 0.6, yaani mililita 0.6. Kushoto kilima kilikuwa kwenye hasi 220. Wa pili ni mvulana karibu wa umri huohuo, mstari bapa vilevile, lakini ujazo ulisema 3.1. Mtoto wa miaka mitano atoe wapi tundu la mililita tatu? Tundu lake kwa kawaida halifiki hata mililita moja. Kidude kilikuwa kinapima tundu pamoja na chumba kizima cha nyuma, kwa sababu ngoma ilikuwa na shimo. Mama yake alieleza kuwa sikio liliwahi kutoa usaha, likakauka, wakaamini limepona. Yule wa kwanza alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma nzima. Huyu hakuwa na majimaji, alikuwa na shimo. Michoro yao ukiiweka pamoja huwezi kuitofautisha. Tarakimu moja ndiyo iliyoelekeza mmoja asubiri na mwingine apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, na wakati huohuo azuiwe kuingiza maji sikioni.

Kuna B ya tatu. Ujazo ukisoma 0.1 au 0.2, mara nyingi kidude kimebanwa na ukuta wa tundu, au kuna nta. Hapo hujapima kitu. Toa, safisha, weka upya.

Msichana yule tulimwangalia kwa miezi mitatu, kwa maana majimaji ya namna ile aghalabu huondoka yenyewe, huku mwalimu akiombwa amkalishe mbele. Aliporudi, sikio la kulia lilikuwa na kilima kwenye hasi 60, na kipimo cha kusikia kilikuwa sawa. Angebaki na mstari bapa angepelekwa kwa daktari.

Lakini naomba msitoke hapa mkidhani aina A maana yake anasikia. Mtoto ambaye koklea yake haifanyi kazi kabisa anaweza kuwa na kilima kizuri kuliko vyote nilivyoonyesha leo. Ngoma ni nzima, vifupa ni vizima, chumba kina hewa. Timpanometria imemaliza kazi yake na uziwi umebaki palepale.

Sasa twende kwenye koklea.

Mwaka 1948 mwanasayansi Thomas Gold alisema kwamba koklea haiwezi kuwa inapokea sauti tu bila kufanya kazi yoyote. Lazima kuna kitu ndani yake kinachotia nguvu. Kwa miaka mingi hakusikilizwa. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, aliweka maikrofoni kwenye tundu la sikio, akapiga mlio mfupi, akasubiri, na baada ya milisekunde chache akapata sauti ndogo sana inayotoka ndani kuja nje. Ni kama kubisha hodi na kusikia mwenyeji akiitika. Anayeitika ni seli zile za nywele za mstari wa nje. Seli hizi hujifinya na kujinyoosha kufuata sauti, ndizo zinazotufanya tusikie hata sauti hafifu, na katika kazi hiyo zinatoa mwangwi wao wenyewe.

Kipimo kinafanywaje? Kidude chenye spika na maikrofoni kinawekwa mlangoni mwa sikio. Hakuna pampu, hakuna sindano, na mtu haulizwi kitu. Kwa watoto wachanga mashine nyingi hupiga milio mifupi, tik-tik-tik, mamia kwa mamia, na baada ya kila mmoja inasikiliza. Majibu yote yanachukuliwa wastani: kelele za chumbani na za mwilini hazifuati mpangilio, hivyo zinafutana, na kile kinachojirudia kila mara ndicho mwangwi. Mashine nyingine hupiga milio miwili kwa pamoja, na hapa nipeni dakika moja kwa sababu jambo hili bado linanistaajabisha. Unapiga mlio wa 3280 Hz na mwingine wa 4000 Hz. Koklea nzima inajibu kwa mlio wa tatu, wa 2560 Hz. Chukua wa kwanza mara mbili, toa wa pili, utaupata. Spika haikuupiga mlio huo. Umetengenezwa ndani ya sikio. Ukiukuta umepanda juu ya kelele kwa desibeli 6 au zaidi, unajua seli za eneo la 4000 Hz zipo kazini.

Adui wa kipimo hiki ni kelele. Mtoto apimwe ameshashiba na amelala. Mwambieni mama anyonyeshe kwanza, hapohapo, mtoto akisinzia ndipo uweke kidude, ukivuta sikio kidogo kwa nyuma na chini ili tundu lifunguke. Zimeni feni. Fungeni dirisha la upande wa barabara. Mtoto anayenyonya, anayehema kwa kukoroma au anayelia anatengeneza kelele kuzidi ule mwangwi, na mashine itasema REFER ilhali koklea ni nzima. Na wauguzi, sikilizeni hili: watoto watatu wakifuatana kupata REFER masikio yote, usianze na watoto, anza na kidude. Vitundu vyake vinazibwa na ule utando mweupe wa mtoto mchanga kwa urahisi mno. Kila asubuhi kabla hujamgusa mtoto, jipime mwenyewe, sikio lako unalijua. Likikosa kujibu, kidude kina shida.

Utando huo huohuo ndio unaoleta REFER nyingi za siku ya kwanza. Tundu limejaa uchafu wa kuzaliwa, chumba cha kati bado kina majimaji. Mwangwi unatakiwa upite njia hiyo mara mbili, sauti ikiingia na jibu likitoka, na unapotea njiani. Ndiyo maana, mama akiwa bado wodini, ni bora kusubiri zipite saa 24 na zaidi. Neno REFER lina maana moja tu: rudi upimwe tena. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, anayehitaji uchunguzi kamili aupate kabla ya miezi mitatu, na anayethibitika kuwa na tatizo aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Je, na huyu anayerudia REFER mara ya pili? Hapo ndipo karatasi zote mbili zinatakiwa mezani pamoja, na nitawapitisha kwenye kesi moja hatua kwa hatua.

Mtoto wa wiki saba aliletwa na bibi yake. Alikuwa na REFER mbili, masikio yote. Kituo walikotoka kilikuwa kimefanya pia timpanometria na kuona kilima kizuri masikio yote. Wakamwambia bibi: sikio la kati ni zima, mwangwi haupo, kwa hiyo koklea imekufa. Ukisikiliza hoja hiyo imenyooka. Shida ilikuwa kwenye mlio uliotumika. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa tunatumia mlio mzito wa 226 Hz. Mtoto aliye chini ya miezi sita tundu lake ni gegedu laini, kuta zenyewe zinacheza hewa inapopigwa, na sikio lake la kati halijakomaa. Kwa mlio wa 226 Hz anaweza kuonyesha kilima kizuri huku chumba kimejaa majimaji. Kwa umri huo tunatumia mlio mwembamba, wa 1000 Hz.

Tukarudia kwa 1000 Hz, mtoto amelala mapajani mwa bibi. Kulia bapa. Kushoto bapa. Hapo ile hoja ikaanguka. Mwangwi ulikuwa umekosa njia, na hatukuwa na haki ya kusema lolote kuhusu koklea. Sikumwambia bibi kwamba mtoto anasikia, wala kwamba hasikii. Nilimwambia mlango umezibwa, na kwamba kipimo cha neva tukifanye bila kungoja mlango ufunguke.

Kipimo hicho mashine hukiandika ABR. Unabandika vitambuzi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, unapiga sauti, unasoma umeme wa neva na shina la ubongo. Alifanyiwa kwenye hospitali kubwa akiwa na wiki kumi, kwa njia ya hewa na pia kwa kutikisa mfupa, ambayo haizuiwi na majimaji ya sikio la kati kwa sababu haiyapitii. Kulia, kwa njia ya mfupa, neva ilijibu vizuri. Kushoto haikujibu vizuri hata kwa mfupa. Alipofikisha miezi minne na nusu tukarudia vyote. Timpanometria ya 1000 Hz sasa ilikuwa na kilima pande zote. Mwangwi wa kulia ukaja, wa kushoto haukuja. Mnaona jinsi karatasi zinavyoshikana? Njia iko wazi, mwangwi haupo: sasa ndipo tunaweza kusema shida ya kushoto iko ndani. Mtoto yule ana sikio moja zima na jingine lenye upungufu, na hatua zake zilianza kabla ya miezi sita. Angeaminiwa ule mchoro wa 226 Hz, angehesabiwa kiziwi wa masikio mawili.

Sasa narudi kwa wale waliokuja wametulia, wenye PASS.

Mama mmoja alimzaa mtoto kabla ya wakati. Siku ya nne mtoto akapata manjano makali, akawekwa chini ya taa, ikafikia kubadilishiwa damu. Akapona. Siku ya kuruhusiwa akapimwa mwangwi: PASS, PASS. Alipofika kwangu mtoto ana miaka miwili, nikarudia mwangwi, ukaja mzuri masikio yote. Timpanometria A na A. Lakini ukipiga ngoma nyuma yake hageuki. ABR haikuonyesha wimbi la maana. Ile manjano iliumiza neva na vituo vyake ndani ya shina la ubongo, ikaacha seli za nywele za nje zikiendelea kuitika. Koklea ilijibu kila ilipoulizwa, ujumbe haukufika.

Kwa hiyo, wauguzi, mtoto aliyekaa wodi ya watoto wachanga mahututi, aliyebadilishiwa damu kwa ajili ya manjano, aliyezaliwa njiti, au aliyechelewa kulia na kukosa hewa, msimalize naye kwa mwangwi peke yake. Aandikiwe ABR. Na PASS ya kuzaliwa hailindi mtoto na homa ya uti wa mgongo ya mwaka wa pili. Mzazi akisema «huyu hanisikii», mpime upya, hata kama kadi imejaa PASS.

Watu wazima nao mwangwi unawahusu. Mtu mzima anaweza kubonyeza kitufe kila akisikia mlio, kwa nini tumsumbue na mwangwi? Kwa sababu seli za nje huanza kufa kabla yeye hajagundua. Dawa za sindano kama kanamaisini zilizokuwa zikitumika kwa kifua kikuu sugu, jentamaisini, na dawa ya saratani sisiplatini, huziua kuanzia mlangoni mwa koklea, kwenye milio myembamba. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kanamaisini miaka ile alikuwa akisema anasikia vizuri, na mazungumzo ya kawaida alikuwa akiyafuata. Mwangwi wake wa mwezi wa kwanza ulikuwepo mpaka 8000 Hz. Mwezi wa tatu, eneo la 6000 na 8000 lilikuwa kimya, huku timpanometria ikiwa A kama mwanzo, maana yake hakuna kilichoziba njia. Daktari wake akapewa karatasi zote mbili siku hiyohiyo, na akabadilisha dawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo, na ilikuwa wakati wake. Sisiplatini bado ipo, hivyo mgonjwa apimwe mwangwi kabla ya dozi ya kwanza. Bila karatasi ya mwanzo, ya pili utailinganisha na nini?

Na mwangwi ukikosekana kwa mtu mzima, usiseme amepungukiwa kiasi gani. Unapotea upungufu ukishavuka takriban desibeli 30 hadi 40. Mwenye 45 na mwenye 100 karatasi zao zinafanana. Hapo lazima akae chumba kimya na kubonyeza kitufe.

Wazazi, karatasi hizi msizitupe. Ziwekeni ndani ya kadi ya kliniki, zote, hata ile iliyoandikwa REFER. Mkikabidhiwa mchoro wa timpanometria wa mtoto mchanga, angalieni kama pameandikwa 226 au 1000, na kama ni 226 na mtoto hajafikisha miezi sita, ulizeni. Mna haki ya kuuliza.

Mashine zote mbili ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Mama mwenye mtoto aliyelala aanze kwa OAE sasa hivi kabla hajaamka, na watu wazima wanaotaka kuona mchoro wa ngoma zao wapange foleni upande wa kushoto. Ahsanteni.